Kikoa Kimoja, Watoa Huduma Wawili: Barua Pepe Huingia Mlango Gani?

Tuseme kuna hoteli ndogo Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Ina tovuti yake, na ina anwani sita za barua pepe zinazoishia na jina la hoteli. Miaka yote tovuti na barua pepe zimekaa pamoja kwenye seva ya kampuni moja ya kuhifadhi tovuti, kwa ada inayolipwa mara moja kwa mwaka. Sasa mwenye hoteli anataka kuhamia Google Workspace, ila Google hutoza kwa kila mtumiaji. Akipiga hesabu ya anwani sita anaona ni mzigo. Basi anaamua: anwani ya booking na ya meneja zihamie Google, na zile za uhasibu, jikoni, stoo na bustani zibaki zilipo, kwa kuwa hazipati barua nyingi.

Fundi wake anaingia kwenye mipangilio ya kikoa, anaongeza mstari mmoja wa Google na kuuacha ule wa zamani chini yake. Ukiuliza mtandao barua za hoteli hii zipelekwe wapi, jibu sasa ni hili (kikoa ni cha kubuni, majina yanayoishia na.example yametengwa tangu 1999 kwa ajili ya mifano kama huu):

```
dig +short MX hoteli.example
1 smtp.google.com.
10 mail.hoteli.example.
```

Kwenye kompyuta ya Windows amri ni `nslookup -type=mx hoteli.example`, na jibu ni lile lile. Hizi ndizo rekodi za MX. Kila mstari una vitu viwili tu: namba, na jina la seva inayopokea barua za kikoa hicho. Namba ndogo hutangulia. Fundi wetu amefikiri hivi: barua itaanza Google, na Google wakikuta anwani si yao, itateremka yenyewe mpaka kwenye seva ya zamani, ambako itamkuta mwenyewe. Jinsi mistari miwili ile ilivyopangana, mtu yeyote angesoma hivyo.

Siku ya tatu dada wa uhasibu anapiga simu.

"Kaka, habari za kazi. Wale wa samaki wanasema wametuma ankara mara mbili, zote zimerudi. Na mimi tangu juzi sijaona barua hata moja."

"Nzuri, dada. Imerudi na maneno gani?"

"Wanasema akaunti haipo."

Hapo pana dalili kamili ya ugonjwa, na kuielewa inabidi tukae upande wa mtumaji, maana uamuzi wote wa barua iende wapi hufanywa huko.

Muuza samaki anapobonyeza kitufe cha kutuma, seva yake ndiyo inayouliza DNS rekodi za MX za hoteli. Inazipanga kuanzia namba ndogo kwenda kubwa. Ukubwa wa pengo kati ya namba hauna maana yoyote: 1 na 10 ni sawa kabisa na 1 na 60000, almradi moja iko chini ya nyingine. Ikishazipanga, inaanza na ya kwanza. Inafungua mawasiliano na smtp.google.com kwenye mlango namba 25, inajitambulisha, inataja barua imetoka kwa nani, kisha inataja inakwenda kwa nani. Ni katika hatua hii ya mwisho ndipo ankara ya samaki ilipokwama:

```
RCPT TO:<uhasibu@hoteli.example>
550-5.1.1 The email account that you tried to reach does not exist.
```

Google hawana akaunti ya uhasibu, kwa hiyo wamesema ukweli. Kitu cha kutazama ni ile tarakimu ya kwanza ya jibu. Seva za barua husemezana kwa namba za tarakimu tatu. Jibu linaloanza na 2 maana yake nimekubali. Linaloanza na 4 maana yake sasa hivi haiwezekani, jaribu tena. Linaloanza na 5 maana yake hapana, usirudi. Seva ya mtumaji ikishapewa 550 kwa mpokeaji fulani, kwa mpokeaji huyo kazi imekwisha. Haiteremki kwenye mstari wa pili. Inamrudishia mtumaji barua yake pamoja na maelezo, na muuza samaki anaona kwamba akaunti haipo.

Mfikirie tarishi aliyepewa barua na karatasi yenye nyumba mbili, ya kwanza na ya akiba. Akigonga ya kwanza na hakuna anayefungua, atakwenda ya pili. Lakini ikifunguliwa na mwenyeji akamwambia "Mtu huyo hatumjui hapa", atairudisha barua ilikotoka, kwa sababu kwenye karatasi yake nyumba zote mbili ni za mtu yule yule, na mwenye nyumba amekwisha kusema.

Rekodi ya MX inahusu kikoa kizima, haimjui mtu mmoja mmoja. Haina mahali pa kuandika kwamba uhasibu yuko huku na booking yuko kule. Anayeweka seva mbili kwenye orodha moja ameutangazia ulimwengu kwamba yoyote kati yake ina mamlaka ya kupokea, na ya kukataa, barua ya kila anwani ya kikoa. Namba inaeleza nani aanze kujaribiwa, basi.

Sasa lini mtumaji huteremka kwenye mstari wa pili? Ni pale ambapo seva ya kwanza haipatikani: jina lake halitafsiriki kuwa anwani ya mtandao, au mlango umefungwa, au inakaa kimya. Postfix, programu ya kutuma barua inayotumika kwenye seva nyingi za Linux, kwa kawaida husubiri sekunde 30 mawasiliano yafunguke kabla ya kuhamia kwenye anwani inayofuata. Njia nyingine ni jibu la aina ya 4, yaani lile la kuomba subira. Hapa programu hutofautiana, ila Postfix ikipewa jibu hilo na seva ya kwanza, hujaribu seva inayofuata kwenye orodha kabla ya kuiweka barua foleni.

Turudi Paje na kuitazama barua ya aina nyingine, ya mgeni anayetaka vyumba vinne mwezi wa Agosti. Anaandika kwa booking@hoteli.example, ambayo iko Google na inafanya kazi vizuri. Lakini nafasi ya kuhifadhia imejaa, picha za harusi zimeimaliza. Google hawakatai moja kwa moja katika hali hii. Hutoa jibu la 452, la muda, wakitegemea mwenye akaunti atafuta vitu na barua itaingia baadaye. Seva ya mgeni inasoma 452, inatazama orodha yake, inaona mstari wa pili, inagonga mail.hoteli.example. Je, seva ya zamani ina sanduku la booking? Inalo. Hakuna aliyelifuta, liliachwa kama lilivyokuwa siku ya kuhama. Inajibu 250, imepokea.

Mgeni haoni kosa lolote. Hoteli haioni kosa lolote. Barua imefika salama kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua tena, kwenye seva ambayo nywila yake ilikwisha kusahaulika. Binafsi naona tatizo hili ni baya kuliko lile la ankara ya samaki. Barua inayorudi hupiga kelele, na mtu atapiga simu. Hii ya pili haina kelele. Mgeni atangoja siku mbili, kisha ataandikia hoteli ya jirani.

Jambo hilo hilo hutokea bila sanduku kujaa. Inatosha mtandao wa upande wa mtumaji kushindwa kuwafikia Google kwa dakika moja, kebo ikatikatika au DNS ikachelewa, na barua chache zitateremkia kwenye seva ya zamani. Ndiyo maana malalamiko ya namna hii huwa hayaeleweki: barua nyingi zinafika, chache hazifiki, na hakuna mtindo unaoonekana. Fundi akijaribu kutuma barua kutoka kwenye simu yake, inafika Google kila mara, naye anasema mfumo hauna neno.

Kuna wanaojaribu kurekebisha kwa kuzipa seva zote mbili namba moja, 10 na 10, wakiamini sasa barua itafika kwa wote wawili. Hapo wamemwaga mafuta motoni. Namba zikilingana, kanuni inamtaka mtumaji achague mojawapo bila mpangilio, kusudi mzigo ugawanyike. Kwa seva mbili za mtoa huduma mmoja hilo ni jambo jema. Kwa watoa huduma wawili wasiojuana, maana yake ni kwamba barua ya kwanza ya mgeni inaweza kuingia Google na ya pili, yenye picha ya risiti ya malipo, ikaingia kwenye seva ya zamani. Hakuna barua hata moja itakayofika kwa wote wawili. MX hainakili barua. Seva moja ikishasema 250, mtumaji anaifuta barua kwenye foleni yake na kazi yake imekwisha.

Mtu ana haki ya kuuliza: kama mstari wa pili una hatari hivi, kwa nini upo? Jibu liko kwenye mtandao wa zamani. Kanuni za MX zilielezwa na Craig Partridge katika waraka wa RFC 974 wa Januari 1986. Wakati ule kompyuta nyingi zilizokuwa na anwani za barua hazikuwa kwenye intaneti moja kwa moja. Nyingine zilibadilishana barua kwa kupigiana simu, kwa mfumo wa UUCP. Kompyuta ya namna hiyo ilihitaji jirani aliye hewani muda wote, apokee barua kwa niaba yake, azitunze, kisha amkabidhi atakapounganishwa. MX ilikuwa njia ya kumtaja jirani huyo mbele ya watu.

Kwa hiyo seva ya akiba, kwa maana yake ya asili, haina masanduku ya mwisho ya wenye barua. Inapokea ili ipeleke mbele. Yenyewe husoma orodha ile ile ya MX, hujitafuta humo, na ikijiona hufuta mstari wake pamoja na yote yenye namba sawa na yake au kubwa zaidi, kisha hujaribu iliyobaki tu. Kwa njia hiyo barua haiwezi kuzunguka baina ya seva mbili za akiba. Lazima isogee kwenye namba ndogo. Seva ya zamani ya hoteli yetu haifanyi chochote cha namna hiyo. Ina masanduku yake, inaamini ndiyo mwenye kikoa, na barua ikiingia humo haitoki.

Linganisha na Google wenyewe walivyokuwa wakitumia namba. Kabla ya 2023 mteja aliambiwa aweke mistari mitano: ASPMX.L.GOOGLE.COM kwa namba 1, ALT1 na ALT2 kwa 5, ALT3 na ALT4 kwa 10. Seva zote tano zilikuwa za nyumba moja na zilijua masanduku yale yale, hivyo barua ikiingia kwa yoyote ilifika pale pale. Siku hizi mteja mpya hupewa mstari mmoja, smtp.google.com, na kuhimili hitilafu kunafanyika nyuma ya jina hilo. Microsoft 365 nao hutoa mstari mmoja. Wenye seva nyingi kuliko mtu yeyote wameona mstari mmoja unawatosha.

Na akiba kwa ajili ya siku ambayo mtoa huduma mkuu ameanguka? Kwa sehemu kubwa, akiba hiyo iko upande wa mtumaji tayari. Waraka wa RFC 5321 wa 2008, unaoongoza usafirishaji wa barua hadi leo, unataka seva ya mtumaji isikate tamaa haraka: barua isiyopokelewa ikae foleni, ijaribiwe tena na tena, kwa siku nne au tano kabla ya kurudishwa. Postfix imewekwa siku tano. Wako watumaji wenye subira fupi zaidi, lakini hitilafu ya saa kadhaa kwa kawaida humaanisha barua kuchelewa, haimaanishi kupotea. Anayeweka seva ya pili isiyojua wapokeaji wake ameondoa ucheleweshaji unaovumilika, akaweka mahali pake upotevu usioonekana.

Pia ameacha dirisha wazi kwa watuma barua taka. Wao hawafuati utaratibu wa namba ndogo kwanza. Wengi hugonga makusudi ile yenye namba kubwa, wakijua seva ya akiba mara nyingi ina ulinzi hafifu. Ukiona sanduku la zamani limejaa matangazo ya dawa na bahati nasibu huku la Google likiwa safi, ndiko yalikopitia.

Jinsi ya kujua kama haya yanakupata si ngumu. Amri ya `dig` hapo juu ndiyo ya kwanza: ukiona majina ya nyumba mbili tofauti katika orodha moja, anza kutilia shaka. Kisha ingia kwenye sanduku la zamani, kwa ukurasa wa barua wa kampuni ya tovuti, utazame kama kuna barua zilizoingia baada ya tarehe ya kuhama. Ukiikuta moja, fungua vichwa vyake kamili na utafute mistari inayoanza na Received. Husomwa kutoka chini kwenda juu, na kila seva iliyoigusa barua imeacha mstari wake. Barua ya yule mgeni wa vyumba vinne ingekuwa na mstari kama huu:

```
Received: from out.mgeni.example ([192.0.2.44])
    by mail.hoteli.example with esmtps
    for <booking@hoteli.example>;
    Tue, 11 Mar 2025 09:14:22 +0300
```

Neno la kutafuta ni hilo `by`. Barua imepokelewa na mail.hoteli.example moja kwa moja kutoka kwa mtumaji. Google hawakuipokea kabisa. Saa nayo itakusaidia: ukikuta barua nyingi za dakika zile zile, kulikuwa na hitilafu ya muda ule. Ukizikuta zimetawanyika, tazama nafasi ya kuhifadhia.

Tuje kwenye tiba. Mwenye hoteli bado anataka anwani mbili ziwe Google na nne zibaki, na hilo linawezekana, ila mgawanyo haufanyiki kwenye MX. Unachagua nyumba moja iwe mlango wa wote, unaacha mstari wake peke yake kwenye MX, kisha ndani ya nyumba hiyo unaagiza kwamba anwani isiyotambulika isikataliwe, bali ipelekwe kwa seva ya pili. Kwa Google Workspace msimamizi huingia Apps, Google Workspace, Gmail, kisha Hosts, na hapo huandika jina la seva ya zamani na mlango namba 25. Baada ya hapo, kwenye Routing, hutengeneza kanuni ya barua zinazoingia, na katika aina za akaunti zitakazohusika huchagua Unrecognized / Catch-all. Sasa ankara ya samaki ikija, Google hawajibu 550. Wanaipokea, wanaona uhasibu hayumo kwao, na wanaikabidhi kwa mail.hoteli.example, inakomkuta dada wa uhasibu kama kawaida.

Seva ya zamani nayo iambiwe mapema. Kuanzia sasa barua zote zinazoifikia kutoka nje zitakuja zimebebwa na mashine za Google, hata kama zimeandikwa na benki au na wauza samaki. Ikiwa inakagua SPF, yaani orodha ya mashine ambazo kikoa cha mtumaji kimeziruhusu kutuma kwa jina lake, itaona mashine ya Google ikileta barua ya benki na itadhani ni ulaghai. Ukaguzi huo sasa ni kazi ya Google pale mlangoni. Seva ya nyuma iwaamini.

Mafundi wengi huishia hapo na kufunga kazi, kumbe kuna shimo moja limebaki ambalo orodha ya MX haiwezi kulionyesha, kwa sababu ni pale ambapo MX haisomwi kabisa.

Tovuti ya hoteli ina fomu ya mawasiliano. Mgeni anajaza jina, tarehe na idadi ya watu, anabonyeza, na tovuti inatuma barua kwa booking@hoteli.example. Lakini tovuti iko kwenye seva ile ile ya zamani, na seva hiyo inaamini kikoa ni chake. Haina haja ya kuuliza DNS. Inaiweka barua moja kwa moja kwenye sanduku lake la booking, lile lisilofunguliwa. Hali ni hiyo hiyo dada wa uhasibu anapomwandikia meneja: yuko kwenye seva ya zamani, anamwandikia mtu ambaye seva hiyo inadhani ni wake, na barua haitoki nje ya mashine.

Kwenye cPanel, paneli inayotumiwa na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti, imani hiyo ya seva huwekwa sehemu iitwayo Email Routing. Kuna Local Mail Exchanger, yaani barua za kikoa hiki ni zangu; Remote Mail Exchanger, yaani si zangu, uliza MX; na Backup Mail Exchanger, yaani mimi ni wa akiba, zipokee na uzipeleke mbele. Ipo pia ya nne, ambapo cPanel hutazama MX na kuamua yenyewe. Kama anwani zote sita zingehamia Google, dawa ingekuwa rahisi: chagua Remote, na fomu ya tovuti itawapata Google mara moja. Hoteli yetu haiwezi. Ikichagua Remote, seva ya zamani haitapokea tena barua za uhasibu ambazo Google wanaikabidhi. Lazima ibaki Local, na usichague ile ya kuamua yenyewe: mstari wa zamani ukishaondolewa kwenye MX, cPanel itahitimisha kwamba kikoa kimehama na itageuka kuwa Remote bila kumwambia mtu.

Ikibaki Local, basi booking na meneja waelekezwe kwa njia nyingine kutoka ndani. Google humpa kila mteja kikoa cha pili cha majaribio, kinachoundwa kwa kuongeza maneno mwishoni mwa kile cha kwanza: hoteli.example.test-google-a.com. Barua ikitumwa kwa booking kwenye kikoa hicho, inaingia kwenye akaunti ile ile ya booking iliyoko Google. Kwa hiyo kwenye seva ya zamani unaweka kanuni ya kupeleka mbele: kila kinachokuja kwa booking@hoteli.example kiende booking@hoteli.example.test-google-a.com, na vivyo hivyo kwa meneja.

Kisha, baada ya kunakili barua zote za zamani, lifute sanduku la booking lililoko kwenye seva ya zamani. Sanduku likiwepo, cPanel itapeleka mbele na kubaki na nakala, na nakala zitajaa humo mwaka mzima. Kulifuta kuna faida nyingine: kama siku moja kanuni ya kupeleka mbele itafutwa kwa bahati mbaya, seva itajibu kwamba mtu huyo hayupo na barua itarudi kwa aliyeituma. Kelele hizo tunazitaka.

Ni kazi nyingi kwa ajili ya kuokoa ada ya watumiaji wanne, na mwenye hoteli akiniuliza ningemshauri ahamishe zote sita, au abakize zote sita. Mgawanyo wa namna hii unamtaka mtu anayeukumbuka. Fundi akibadilika, anayekuja ataona rekodi moja ya MX, atadhani ameelewa kila kitu, na atabonyeza Remote siku ya Ijumaa jioni. Mwenye kushikilia mgawanyo aandike mahali: mlango uko Google, anwani nne zinapita kwenda seva ya zamani, anwani mbili zinarudishwa Google kwa kikoa cha majaribio.

Siku ya kuuondoa mstari wa zamani kwenye MX, mpangilio wa kazi una uzito. Kila rekodi ya DNS ina TTL, idadi ya sekunde ambazo watumaji wanaruhusiwa kukumbuka jibu bila kuuliza tena. Ikiwa ni 3600, basi kwa saa nzima baada ya wewe kufuta mstari, wako watakaoendelea kuona seva zote mbili. Siku moja kabla ishushe hadi 300. Kesho yake hakikisha akaunti zipo Google, kanuni ya Unrecognized ipo, kanuni za kupeleka mbele zipo kwenye seva ya zamani, ndipo ufute mstari. Ungoje dakika chache, uulize tena kwa `dig`, na jibu liwe mstari mmoja.

Majaribio yawe matatu, kutoka mahali patatu: barua kwa booking na nyingine kwa uhasibu, zote kutoka kwenye anwani ya nje isiyohusiana na hoteli, ombi la chumba kupitia fomu ya tovuti, na barua ya dada wa uhasibu kwenda kwa meneja. Katika kila iliyofika fungua mistari ya Received. Ile ya nje kwenda kwa uhasibu lazima ionyeshe Google wameipokea kwanza, kisha mail.hoteli.example. Ikionyesha mail.hoteli.example peke yake, mtumaji bado ana orodha ya jana. Mpe saa moja, utume tena.